Aya ya Nne

Eustace Kashindye alikuwa karani na mkalimani wa mahakama ya Tabora kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alitoka kwake Cheyo asubuhi, suruali nyeupe imepigwa pasi ya mkaa, kofia mkononi, akaenda kwa hatua zile zile hata mvua ikimkuta njiani. Ujanani alikuwa ameingia Kipalapala kusomea upadri. Ulimshinda mwaka wa tatu, naye hakupata kumweleza mtu kwa nini, hata mkewe Josepha. Alichotoka nacho kule ni Kilatini kidogo, Kiingereza kingi, na haya. Haya hiyo yake ilikuwa nyingi kupita kiasi. Alikuwa mtu ambaye mgeni akikosea kumtaja jina, yeye huitika kwa jina lile lile la makosa, ili mgeni asifedheheke.

Mtu wa namna hiyo kumweka mahakamani ni jambo la ajabu, maana mahakamani ndiko mahali watu wanapoanikana. Lakini aliipenda kazi. Alipenda zaidi sehemu yake moja ambayo wengi hawakuijua hata kwa kusikia.

Watu hudhani shauri la madai huanza siku shahidi wa kwanza anaposimama kula kiapo. Eustace alijua kwamba siku hiyo shauri huwa limekwisha kata nusu ya njia. Kwanza mdai huleta hati yake, yenye aya zenye namba, kila aya ikitaja jambo analosema ni kweli. Mdaiwa naye huleta majibu, aya kwa aya: hili nakubali, hili nakataa. Kisha huja siku moja isiyo na shahidi hata mmoja. Hakimu huwaita wote wawili, akazisoma hati zao, akawauliza pale ambapo hawakueleweka, akaandika orodha ya maswali ambayo shauri zima litayajibu. Lililokubaliwa halina swali, na hakuna shahidi atakayeitwa kwa ajili yake. Lililokataliwa hupewa swali na namba. Na lile ambalo mdaiwa ameliruka, hakusema ndiyo wala siyo, sheria hulihesabu kuwa amelikubali, isipokuwa hakimu amuulize mwenyewe naye ajibu vingine.

Kuandika orodha ni kazi ya hakimu, na sahihi ni ya hakimu. Lakini mahakimu wa Kizungu walikuja na kuondoka, wengine hata jina la mtaa wa pili hawajalijua, na kila aliyekuja aliikuta desturi ya Eustace. Siku moja kabla ya kusikilizwa, Eustace humwekea hakimu mezani karatasi moja kubwa iliyopigwa mistari kwa rula. Upande wa kushoto hukaa kila jambo lililodaiwa. Katikati, jibu la mdaiwa. Kulia hukaa neno moja kwa wino mwekundu: limekubaliwa, au linabishaniwa, au halikujibiwa. Hakimu aliipitia, akaikagua na hati zenyewe, akafuata safu ya kulia. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba karatasi zake zilikuwa safi kuliko za mawakili, na Eustace alitembea na maneno hayo kifuani kwa mwezi mzima bila kumwambia mtu.

Mwaka wa hamsini na tatu, kiangazi kikali, ilikuja hati ya Zahor bin Hemed dhidi ya Bernadeta binti Mabruki.

Zahor alikuwa na duka la nguo Mtendeni. Si mtu mbaya, na mimi sitamfanya mbaya ili hadithi iwe nyepesi. Baba yake, Hemed, alikuwa mmoja wa Waarabu wa zamani wa Tabora, enzi za misafara ya pembe kwenda Ujiji na kurudi. Alipofariki, ndugu waligawana, na katika orodha ya mali ikaonekana nyumba moja ya tembe pembezoni mwa Mtendeni, imeandikwa kwa jina la Hemed tangu wakati wa Mjerumani. Ndani yake alikuwa akikaa Bernadeta. Ndugu wakasema nyumba irudi. Zahor, kwa kuwa ndiye mkubwa, akatafuta wakili. Na kwa kuwa sheria ya siku zile haikumhesabu Mwarabu kuwa mwenyeji, shauri halikwenda kwenye baraza la machifu, likaja kwa hakimu wa Kizungu, mezani kwa Eustace.

Bernadeta alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili, asiye na mtoto aliye hai. Alizaliwa katika nyumba ile. Mama yake alilelewa na mapadri Kipalapala pamoja na watoto wengine waliokombolewa, na dini aliipata kwa mama. Baba yake, Mabruki, alibaki na Ijumaa zake mpaka kufa, miaka miwili kabla ya shauri. Bernadeta alishona vitambaa vya altare na nguo za komunyo ya kwanza, na alikuwa na mgongo ulionyooka ajabu, hata akiwa amekaa chini. Eustace alimjua kutoka kanisani. Alimwita dada, naye alimwita kaka, na salamu zao hazikuwahi kupita hapo.

Hati ya Zahor ilikuwa na aya tano. Ya kwanza iliwataja wahusika. Ya pili ilisema kiwanja na nyumba vimeandikwa kwa jina la Hemed. Ya tatu ilisema Mabruki alikaa humo miaka arobaini na miwili mpaka kifo chake. Ya tano ilisema Bernadeta alipewa barua ya kuhama akakataa, na kwamba anakaa bila haki. Ya nne ndiyo iliyomfanya Eustace aweke kalamu chini. Wakili aliiandika hivi: kwamba marehemu Mabruki alikuwa mtumwa wa marehemu Hemed, na kwamba aliishi katika nyumba hiyo kwa ruhusa ya bwana wake tu, bila kuwa na haki yoyote juu yake.

Eustace aliisoma mara mbili. Tabora nzima ilijua kwamba Mabruki aliletwa mtoto kutoka Manyema, amefungwa kamba, kwa njia ile ile iliyoleta pembe. Nusu ya mji ina babu au bibi aliyekuja hivyo. Lakini watu hawalisemi. Mtu huitwa mtu wa nyumba ya fulani, basi, na aliye na adabu anaelewa na kuendelea na mazungumzo mengine. Kulitaja lile neno lenyewe, tena mbele ya mtoto wa mtu, ni tusi lisilojibiwa. Ukilijibu umejishusha ukabishane nalo. Anayetukanwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo heshima yake.

Ndivyo alivyofanya Bernadeta. Majibu yake aliandikiwa na Ngollo, mwandishi wa barua aliyekaa na taipureta yake kwenye baraza ya duka karibu na posta. Ngollo hakuwa wakili, ila alijua kwamba kila aya inataka jibu. Alipofika ya nne akamsomea, akamuuliza aandike nini. Bernadeta alimwambia asiandike kitu, aende ya tano. Ngollo akasema si vizuri kuiacha. Bernadeta akamwambia kwamba baba yake hajibiwi matusi. Kwa hiyo hati ilitoka hivi: ya kwanza kweli, ya pili hajui vitabu vya serikali vinasema nini, ya tatu kweli, kisha ikaruka mpaka ya tano, ambako aliandika kuwa barua aliipata lakini nyumba ni ya baba yake, alikaa humo miaka yote bila kuulizwa na mtu, na yeye amezaliwa humo.

Eustace aliona shimo lile mara moja. Miaka arobaini na miwili ni mingi, na sheria ina namna ya kumlinda aliyekaa mahali kama mwenyewe kwa zaidi ya miaka kumi na miwili. Lakini aliyekaa kwa ruhusa hakai kama mwenyewe, hata akikaa miaka mia. Ruhusa ikikubaliwa, miaka yote ya Mabruki inakuwa si kitu. Nyumba ya Bernadeta ilikuwa inaning'inia kwenye aya ya nne tu, na aya ya nne hakuijibu.

Bado hakukuwa na la kuogopesha sana. Hakimu huyu alikuwa kijana, mwangalifu, na sheria ilimtaka amuulize mdaiwa kwa mdomo kila jambo aliloliacha. Atamuuliza. Bernadeta atasema sikubali, na swali litaandikwa. Kazi ya Eustace ilikuwa kuiweka aya ile kwenye karatasi kwa namna ambayo hakimu ataiuliza vizuri.

Na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Aya ya nne haikuwa jambo moja. Ilikuwa mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja: kwamba Mabruki alikuwa mtumwa, na kwamba alikaa nyumbani mle kwa ruhusa. Mtu anaweza kulikubali moja na kulikataa la pili. Kanuni ya Eustace mwenyewe, aliyoifuata tangu hakimu wake wa kwanza, ilikuwa kuyatenganisha: kila jambo mstari wake, kila mstari jibu lake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi hasa, mengine ni kunakili tu.

Akachukua rula, akapiga mistari miwili. Katika wa kwanza akaandika: 4(a), marehemu Mabruki alikuwa mtumwa wa Hemed. Katika wa pili: 4(b), aliishi katika nyumba kwa ruhusa tu.

Akautazama mstari wa kwanza. Ulikuwa umekaa peke yake kwenye karatasi nyeupe, hauna kitu cha kuufunika. Akajua yatakayotokea kesho. Hakimu ataweka kidole pale na kuuliza, na yeye Eustace, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili kinachosikika mpaka barazani, atamuuliza Bernadeta binti Mabruki: je, baba yako alikuwa mtumwa? Basi. Swali zima litakuwa hilo. Na watu wa Mtendeni watakuwa wamejaa kwenye mabenchi, maana shauri la nyumba halikosi watazamaji.

Akaichana karatasi. Akachukua nyingine, akaandika aya ya nne kwa mstari mmoja, nzima, kama wakili alivyoiandika, na kulia kwa wino mwekundu: halikujibiwa. Ikisomwa yote pamoja, alijiambia, lile neno litapita katikati ya maneno mengine, kama mtu anayepita sokoni. Na Bernadeta atakataa yote kwa pamoja. Kukataa yote ni kukataa kila kipande, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Alilihakikisha jambo hilo kichwani mara tatu, likakubali. Kosa lake ni kwamba hakujiuliza, je, asipokataa?

Siku ya pili chumba kilijaa. Zahor alikaa nyuma ya wakili wake, kofia yake ya kazi ya mkono magotini, hamwangalii mtu. Bernadeta hakuwa na wakili. Alisimama amejifunga kitenge cheusi, rozari imezungushwa kiganjani. Hakimu alianza na karatasi ya Eustace mbele yake na hati mbili pembeni. Aya ya kwanza, akaweka alama. Ya pili, wakili akatoa nakala ya kitabu cha viwanja, Bernadeta akasema kama kitabu kinasema hivyo hawezi kubishana na kitabu. Ya tatu, imekubaliwa. Mambo yalikwenda upesi, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga mizigo.

Kisha hakimu akasema kwa Kiingereza kwamba mdaiwa hakuijibu aya ya nne, naye anataka kujua kutoka kinywani mwake kama anaikubali au anaikataa. Akamwambia Eustace amsomee.

Eustace alisoma. Alisoma kwa mkupuo mmoja, bila kituo, sauti ameishusha, na lile neno alilipitisha haraka kama alivyokusudia. Hata hivyo mabenchi yote yalilisikia. Kuna mtu nyuma alikohoa. Bernadeta hakumtazama hakimu wala Zahor. Alimtazama Eustace, na Eustace akaona kwamba katika yote aliyosoma alikuwa amesikia jambo moja tu. Lile la nyumba lilimpita masikioni.

Hakimu akauliza tena, bila ukali, anakubali au anakataa.

"Mimi nimenyamaza kwenye karatasi kwa sababu si maneno ya kuandikiana," Bernadeta akasema. "Lakini nikiulizwa mbele ya watu, siwezi kumkana baba yangu. Ni kweli."

Eustace alitafsiri. Hakuwa na namna nyingine. Hakimu aliinua kichwa, maana hata yeye hakulitazamia. Akasema aulizwe kama anaikubali aya yote. Eustace akauliza: yote? Sasa alikwisha kuliona kosa lake.

"Yote, kama ilivyoandikwa," akasema Bernadeta. "Tuendelee."

Alitaka ipite. Alitaka watu wale waliojaa nyuma yake wapate walichokuja kukisikia, kisha waende nyumbani wakapike. Wala hakujua kwamba kwa neno moja alikuwa amewapa vitu viwili, kimoja cha baba yake na kimoja cha nyumba yake. Hakimu aliandika. Eustace alisimama pale, mkalimani asiyepata kuongeza neno lake hata moja kwa miaka ishirini na mitatu, akaona kalamu ikienda. Angeweza kusema: Bwana, aya hii ina mambo mawili, aulizwe moja moja. Maneno machache tu. Lakini baada yake ingembidi amgeukie Bernadeta, aliyekwisha kulipa, amuulize lile swali peke yake, uchi, mara ya pili. Alifungua kinywa, akakifunga.

Katika safu ya aya ya nne hakimu akaandika: imekubaliwa. Aya ya tano, barua ya kuhama, imekubaliwa. Wakili akasimama, akasema kwa heshima kwamba haoni hata swali moja lililobaki, kwani aliyekaa kwa ruhusa haachi urithi wa kukaa, na kukana kwa mdaiwa kwenye aya ya tano hakuna pa kusimamia. Hakimu aliangalia karatasi juu mpaka chini. Alionekana hafurahi. Alisema atasoma uamuzi baada ya wiki tatu. Pale ambapo orodha ya maswali huandikwa, aliandika kwamba hakuna jambo la ukweli linalobishaniwa kati ya pande hizi.

Jioni Eustace hakula. Josepha alimtoa maneno polepole, kama kawaida yake, na aliposikia yote aliendelea kumenya viazi. Eustace alisema alitaka kumsitiri dada yule.

"Hukumwonea haya yeye," Josepha akasema. "Uliona haya wewe, kulitamka. Yeye alilibeba mbele yenu nyote."

Iliuma, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa hakimu kabla hajaitwa. Akamwambia kwamba karatasi yake ilikuwa na kosa, kwamba aliacha mambo mawili ndani ya mstari mmoja, na huenda mdaiwa alijibu moja tu. Hakimu hakumgombeza. Alisema orodha ya maswali inaweza kubadilishwa wakati wowote kabla ya hukumu, lakini kukubali kumekwisha kuandikwa, na mwenye kukubali ndiye anayepaswa kuja aseme hakuelewa. Akija, atamsikiliza siku hiyo hiyo. Kisha akamkumbusha, naye alikuwa na haki, kwamba karani wa mahakama hampi mdaiwa shauri la namna ya kujitetea.

Eustace angeweza kwenda Mtendeni jioni ile, akaketi, akamweleza. Angekuwa amevunja mwiko wa kazi, na pengine angefukuzwa. Hakwenda. Alifanya jambo la watu wenye haya: alipita kwa Ngollo kana kwamba ananunua bahasha, akamwambia amwambie yule mama arudi kwa hakimu, aombe aya ya nne iulizwe tena. Ngollo akauliza iulizwe kwa nini. Eustace akasema wewe mwambie hivyo tu.

Ngollo akaenda, akasema hivyo tu. Bernadeta alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba amekwisha kulisema mara moja mbele ya mji mzima, hatarudi kulisema mara ya pili kwa ajili ya mtu yeyote. Ngollo alileta jibu hilo kesho yake. Eustace akalipokea, akamshukuru, akalipa bahasha ambayo hakuihitaji.

Hukumu ilisomwa. Zahor alishinda, na Bernadeta alipewa miezi mitatu ahame. Zahor alituma mtu kumwambia kwamba akija kuomba, ndugu watamwacha akae mpaka mwisho wa maisha yake. Nasadiki alisema kwa moyo. Lakini kuomba ilikuwa ndiyo ile aya ya nne tena, na Bernadeta hakwenda. Alihama kabla miezi haijatimia, akapewa chumba kwa mama mmoja mshonaji karibu na Kipalapala, akawa anafundisha wasichana kushona.

Eustace aliendelea na kazi. Kuanzia mwaka ule karatasi zake zilikuwa ndefu ajabu. Aya ya maneno kumi aliivunja mistari mitatu, aya ya barua moja aliifanya mistari minne: iliandikwa, ilitumwa, ilipokewa, ilisomwa. Makarani vijana walicheka chini chini, mahakimu wakaguna wakigeuza kurasa. Mahakamani akawa anasoma kila mstari na kungoja jibu, sauti yake imepanda, na maneno ya aibu aliyatamka yote, kamili, mpaka wakili mmoja akamwita mkatili. Hakujitetea. Usiku hakulala vizuri tena, na Josepha alizoea kumkuta amekaa kitandani.

Miaka miwili baadaye kulikuwa na daraja takatifu Kipalapala, kijana wa Tabora anapewa upadri, na watu walikwenda wengi. Baada ya misa, watu wakiwa wamesimama kwenye vumbi wakipeana mikono, Eustace aliona mgongo ulionyooka. Alitaka kukwepa. Bernadeta alikuwa amekwisha kumwona, akamjia mwenyewe.

Walijuliana hali. Alikuwa amekonda, macho yameanza kumsumbua kwa kushona. Aliulizia Josepha, akaulizia watoto. Kisha akasema kwamba siku nyingi alikuwa na neno lake, na hakupata mahali pa kumwambia.

"Kaka, siku ile mahakamani nilikusikia," akasema. "Ulisoma upesi, ukashusha sauti. Watu wote wale, ni wewe tu uliyetaka kunisitiri. Sikukushukuru. Mungu akulipe."

Eustace hakujua aweke wapi mikono yake. Alisema tu kwamba alisikitika sana kuhusu nyumba. Bernadeta akatikisa kichwa taratibu, si kwa uchungu, kama mtu anayezungumzia mavuno ya mwaka ule mbaya.

"Nyumba ile Hemed alimpa baba siku aliyomwacha huru," akasema. "Walikuwa wakirudi kutoka Ujiji, Hemed akashikwa na ndui, wote wakamkimbia, baba akambeba mgongoni siku kumi na moja. Hemed akasema mbele ya watu, wewe ni huru, na nyumba hii ni yako na watoto wako. Mzee Nassibu alikuwepo, alikuwa mpagazi wao. Nilikuja naye siku ile, alikaa nje barazani mpaka mwisho, akingoja kuitwa. Sasa tumemzika."

Eustace alimuuliza kwa nini hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza habari ya nyumba, kaka. Waliniuliza habari ya baba tu."

Mtu akamwita Bernadeta kutoka upande wa jikoni, kuna wasichana wake wanamtafuta. Akamuaga Eustace kwa mikono miwili, akamwambia amsalimie Josepha, akaenda.